Saa arobaini na sita si siku tano: hesabu ya ofu za ovataimu msimu wa tumbaku Tabora

Karani wa mizani alikuja na daftari la kurasa arobaini na nane, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake alikuwa ameandika kila siku aliyochelewa kutoka ghalani tangu masoko ya tumbaku yafunguliwe. Jumla aliyoipata ni saa 46 kwa wiki nne. Bosi wake alikuwa ameigawa kwa saa nane za siku ya kazi, akapata siku tano na kitu, kile "kitu" akakiacha, akamwambia: msimu ukitulia utapumzika siku tano, mshahara unaingia kama kawaida.

"Dada," akaniuliza, "hapa nimepunjwa au nimependelewa?"

Natunza vitabu vya mishahara vya waajiri wadogo hapa Tabora, na swali hilo huwa nalisikia kila mwaka kuanzia mwezi wa saba. Bosi mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Alifikiri kama wengi wanavyofikiri: umenipa saa moja yako, nami nakurudishia saa moja yangu, tumemalizana. Kosa limejificha hapo hapo, na nitalifungua kwa namba za karani huyu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ofu ya kufidia ovataimu ni jambo ambalo maneno matupu hayalielezi.

Tuanze na kilichoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19, inaweka saa za kawaida kuwa zisizidi 45 kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku, na siku zisizidi sita kwa wiki. Kazi ya ziada ifanyike kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hata siku ikiwa ndefu vipi mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12. Kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Siku ya mapumziko ya wiki, na vilevile sikukuu ya taifa, malipo ni mara mbili.

Angalia neno lililotumika: inalipwa. Kifungu hicho kinazungumzia fedha, ofu hakikuitaja. Afrika Kusini sheria yao inaitaja waziwazi: mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana, saa moja ya ziada inaweza kubadilishwa kwa angalau dakika 90 za mapumziko yenye mshahara, na mapumziko hayo yatolewe ndani ya mwezi mmoja, au hadi miezi 12 kama wameandikiana. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo. Ofu za ovataimu tunazopeana maghalani, hotelini na kwenye mashirika zinasimama juu ya makubaliano, na makubaliano yana mipaka yake. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo hiyo kinasema viwango vya ajira ni sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi, isipokuwa pale mkataba wake una sharti lililo bora zaidi kwake, au pale vilipobadilishwa kwa njia zilizotajwa, mojawapo ikiwa mkataba wa hali bora unaofungwa na chama cha wafanyakazi.

Kwa mwajiri mdogo asiye na chama cha wafanyakazi ghalani kwake, maana yake naisoma hivi. Anaweza kumpa mfanyakazi ofu badala ya fedha kama mfanyakazi ameridhia kwa maandishi na kama ofu hiyo haina thamani ndogo kuliko fedha ambayo angelipwa. Ikiwa ndogo, deni la fedha linabaki pale pale, hata kama mfanyakazi alitabasamu na kusema asante. Ndiyo maana siku zote nawashauri waajiri waione ofu kama namna ya kulipa deni la mshahara. Anayeiona kama zawadi hukosea kiwango leo, na baadaye hukosea pia pale saa zinapokaribia kuisha muda.

Sasa turudi kwenye daftari. Karani wetu anaingia saa 2 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, na mchana anapumzika saa moja. Hizo ni saa nane, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi anaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 7 mchana, saa tano. Jumla 45, ukomo kamili. Kwa hiyo kila dakika baada ya hapo ni ovataimu, haina mjadala.

Tuseme mzunguko wa wiki nne ulianza Jumatatu Mei 5, 2025 na kufungwa Jumapili Juni 1. Magari ya mitumba ya tumbaku yalikuwa yanafika jioni, hayawezi kulala nje bila kupimwa, kwa hiyo siku nyingi alitoka saa 1 au saa 2 usiku. Wiki ya kwanza alizidisha saa 11, ya pili 9, ya tatu 12, ya nne 8. Hizo ni 40. Juu yake, Jumapili moja aliitwa, akafanya saa sita. Ndiyo zile 46 zake.

Mshahara wake wa msingi ni shilingi 585,000 kwa mwezi. Kupata thamani ya saa moja, jedwali la sheria linatupeleka kwenye wiki kwanza: mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333, kisha kinachopatikana ukigawe kwa saa 45. Njia ya mkato wanayoitumia wahasibu wengi ni kugawa moja kwa moja kwa 195, maana 4.333 mara 45 ni kama 195. Kwake saa moja ni shilingi 3,000. Mfano nimeuchagua uwe laini. Namba za kweli hazina heshima hiyo.

Kwa fedha angelipwa hivi: saa 40 kwa 4,500 ni shilingi 180,000. Saa sita za Jumapili kwa 6,000 ni 36,000. Jumla 216,000.

Sasa kwa ofu. Anapokuwa ofu analipwa mshahara wake wa kawaida, yaani shilingi 3,000 kwa saa, si 4,500. Hapo ndipo bosi alipoteleza. Ukimpa saa moja ya kupumzika kwa saa moja ya ziada, umemrudishia kitu cha 3,000 kwa deni la 4,500. Ili deni liishe, saa 40 zizidishwe kwa 1.5, ziwe 60, na zile sita za Jumapili zizidishwe kwa mbili, ziwe 12. Karani anaidai ofisi saa 72 za ofu. Zidisha kwa 3,000 upate 216,000, ile ile ya juu. Huu ni ukaguzi ambao kila mtu anaweza kuufanya mwenyewe: saa za ofu ulizoandikiwa, mara thamani ya saa yako ya kawaida, lazima zifike kwenye fedha ambayo ungelipwa. Zisipofika, kuna mtu amekosea.

Saa 72 ni siku tisa za saa nane. Bosi alikuwa amempa siku tano, saa 40, yaani shilingi 120,000. Pengo ni 96,000, na sehemu yake, saa sita nzima, ilipotea kwenye kile "kitu" alichokiacha wakati wa kugawa. Nilipomwonyesha bosi karatasi hakubisha. Aliuliza tu kwa nini hakuna aliyemwambia tangu mwaka juzi, na mimi sikuwa na jibu.

Kazi ikivuka saa 2 usiku kuna nyongeza nyingine. Usiku kisheria unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina asilimia 5 juu yake, ikipigwa kwenye kiwango cha ovataimu kama saa yenyewe ni ya ovataimu. Mimi huwa nashauri hiyo asilimia 5 ilipwe kwa fedha mwezi huo huo. Kuigeuza kuwa ofu kunaleta sehemu za dakika ambazo hakuna atakayezikumbuka.

Kuna swali linalokuja kabla ya hesabu zote hizi: ni saa zipi zinaingia? Waajiri wengi wanasema ovataimu ambayo haikuidhinishwa kwa maandishi haihesabiki. Ni utaratibu mzuri kuwa na fomu ya kibali, na mfanyakazi ajitahidi aipate kabla. Ila sheria inamzungumzia mwajiri anayemtaka mtu afanye kazi au anayemruhusu. Msimamizi aliyekaa ofisini akiona mizani inafanya kazi saa 1 usiku, akanyamaza, ameruhusu. Akikataa saa hizo mwisho wa mwezi kwa sababu fomu haina sahihi, hoja yake ni dhaifu. Dawa ni kumwambia mtu aende nyumbani, na kumwambia hivyo jioni ile ile.

Wasimamizi wenyewe mara nyingi wako nje ya habari hii. Mtu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu habanwi na vifungu hivi vya saa za kazi, kwa hiyo ofu yake inategemea mkataba wake tu. Lakini cheo peke yake hakitoshi. Nimeona mtu anaitwa "msimamizi wa ghala" kwenye kitambulisho, na chini yake hana hata mpagazi mmoja.

Tufike kwenye kuisha muda, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Mwajiri ana sababu ya haki ya kutaka ofu ziishe muda. Saa zikilundikana, siku moja makarani watatu wataomba mwezi mzima kwa pamoja, au mmoja ataacha kazi na kudai malipo ya misimu mitatu. Hata lengo la mapumziko linapotea: mtu aliyechoka Mei hapumziki kwa ofu ya Machi mwaka unaofuata. Kwa hiyo kuweka tarehe ya mwisho ni sahihi. Swali ni nini kinatokea tarehe hiyo ikifika.

Taratibu nyingi nilizozikuta zimeandikwa: "Ofu isiyochukuliwa ndani ya muda itapotea." Kwa likizo ya zawadi, sawa. Kwa ovataimu, nini hasa kimepotea? Zile saa 46 karani alishazifanya, tumbaku ilishapimwa na kupakiwa. Kilichopotea ni mshahara wake, na mshahara haupotei kwa sababu kalenda imegeuka. Neno la kuandika pale ni jingine: "Ofu isiyochukuliwa ndani ya muda italipwa kwa fedha katika mshahara unaofuata." Tarehe ya mwisho inabaki na makali yake, ila makali yanamkata yule anayeshikilia ratiba. Mwajiri anayekataa kila ombi la ofu kwa sababu ghala limejaa anajua kwamba asipotoa mapumziko atatoa shilingi.

Muda wenyewe uwe mrefu kiasi gani? Kwa kazi za msimu kama hii, mwezi mmoja haufai. Mzunguko ukifungwa Juni, Julai bado magari yanakuja. Mwaka mzima nao ni mrefu mno, unafika msimu mwingine deni la kwanza halijalipwa. Miezi mitatu tangu mzunguko wa wiki nne kufungwa imewafaa wengi ninaowatunzia vitabu, kwa sababu inaangukia Agosti na Septemba, kazi ya mizani inapopungua. Kitu kimoja nakikataa kabisa, nacho ni tarehe moja ya mwisho kwa saa zote, mfano Desemba 31. Mtu aliyepata saa zake Mei ana miezi saba, aliyezipata Desemba 20 ana siku kumi na moja, na wote wanajazana mlangoni kwa meneja wiki ya Krismasi.

Kila kundi la saa, basi, libebe tarehe yake. Karani wetu ana kundi la kwanza, saa 72, lililofungwa Juni 1, mwisho wake Septemba 1. Mzunguko uliofuata, Juni 2 hadi Juni 29, alizidisha saa 20, zote siku za kazi, mara 1.5 ni 30, mwisho wake Septemba 29.

Julai alikwenda kwao Kaliua. Aliomba wiki nzima, Jumatatu Julai 7 hadi Jumamosi Julai 12. Ukihesabu haraka utakata siku sita. Lakini Julai 7 ni Saba Saba, sikukuu, siku ambayo asingekuwa kazini hata bila ofu, kwa hiyo haikatwi. Jumanne hadi Ijumaa ni siku nne za saa nane, 32. Jumamosi ni saa tano tu, kwa sababu Jumamosi yake ya kazi ni ya saa tano. Jumla zinakatwa 37. Ndiyo sababu salio litunzwe kwa saa na si kwa siku. Ofisi inayotunza siku ingemkata siku nzima kwa Jumamosi ya nusu, na akichukua Jumamosi nane kwa mwaka anakuwa amepoteza saa 24 kimyakimya.

Agosti aliunganisha na Nane Nane, iliyoangukia Ijumaa. Akachukua Alhamisi Agosti 7 na Jumamosi Agosti 9, saa nane na saa tano, 13. Mpaka hapo ametumia saa 50 kati ya 102.

Swali ambalo taratibu nyingi haziligusi: hizo 50 zimetoka kundi lipi? Ukikata kwanza zile za zamani, kundi la kwanza linabaki na 22 na kundi la pili linabaki na 30 zake zote. Ukikata kwanza zile mpya, kundi la pili linakwisha kabisa na kundi la kwanza linabaki na 52. Salio la jumla ni 52 kwa njia zote mbili, na karani akiangalia jumla peke yake hataona tofauti. Ila Septemba 1 inapofika, kwa njia ya kwanza zinaisha muda saa 22, kwa njia ya pili zinaisha 52. Pale ambapo kuisha muda ni kupotea, chaguo hilo dogo la karani wa mishahara linamgharimu mtu saa 30, shilingi 90,000, bila yeyote kusema uongo. Kata za zamani kwanza, na iandikwe hivyo kwenye makubaliano.

Sasa daftari lenyewe. Karatasi inatosha, nimeona daftari la karatasi lililotunzwa vizuri likishinda mfumo wa kompyuta ambao hakuna anayeujaza. Kinachotakiwa ni kila tukio liwe na mstari wake na usifutwe mstari wowote. Kwa karani wetu mistari inakaa hivi:

| Tarehe | Maelezo | Saa alizofanya | Kiwango | Zimeingia | Zimetoka | Salio | Mwisho |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Juni 1 | Ovataimu, mzunguko wa 1 | 40 | 1.5 | 60 | | 60 | Sept 1 |
| Juni 1 | Jumapili, mzunguko wa 1 | 6 | 2 | 12 | | 72 | Sept 1 |
| Juni 29 | Ovataimu, mzunguko wa 2 | 20 | 1.5 | 30 | | 102 | Sept 29 |
| Julai 12 | Ofu, Julai 8–12 | | | | 37 | 65 | |
| Ago 9 | Ofu, Ago 7 na 9 | | | | 13 | 52 | |
| Sept 1 | Zimelipwa kwa fedha | | | | 22 | 30 | |

Safu ya "saa alizofanya" na safu ya "zimeingia" zisichanganywe kamwe. Ukomo wa saa 50 kwa wiki nne unahesabiwa kwa saa alizofanya kweli. Mkaguzi wa kazi akiona 72 peke yake atadhani mwajiri amevunja sheria, wakati saa za kweli ni 46. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mwajiri anayeandika 46 kama salio amekwisha kumpunja mtu kabla hata ofu haijaombwa.

Mstari wa Septemba 1 ndio watu wengi wanaouruka. Wanafuta tu zile 22, au wanaandika salio jipya juu ya la zamani kwa kalamu nyekundu. Uandike kama malipo mengine yoyote, na namba hiyo hiyo ionekane kwenye salari slipu ya mwezi huo: saa 22 kwa 3,000, shilingi 66,000. Hakuna tena kuzidisha kwa 1.5, kwa sababu saa zilishazidishwa zilipoingia. Nimewahi kumkuta mhasibu, mtu makini kabisa, aliyezizidisha mara ya pili. Mwajiri wake alilipa zaidi msimu mzima kabla ya mtu kugundua.

Kwa anayetumia kompyuta, fomula mbili zinatosha. Kama saa alizofanya ziko safu ya C, kiwango D, zilizoingia E, zilizotoka F na salio G, andika hivi kwenye mstari wa pili kisha vuta kwenda chini:

```
E2:  =C2*D2
G2:  =SUM(E$2:E2)-SUM(F$2:F2)
```

Kosa la kompyuta linalonisumbua kuliko yote ni nukta. Mtu amezidisha saa moja na nusu, anaandika 1.30. Kesho tena 1.30. Kompyuta inajumlisha 2.60, wakati jibu ni saa tatu kamili. Kwenye daftari la msimu mzima kosa hilo linakula saa nyingi, na halionekani kwa sababu kila mstari ukiutazama peke yake unaonekana sawa. Nusu saa ni 0.5, robo saa ni 0.25, dakika 20 ni 0.33. Ukitaka kujua kama daftari lina ugonjwa huu, pitia safu ya saa: ukiona 0.30, 0.45 na 0.15 zimejaa na huoni hata 0.5 moja, tayari umeupata.

Kila mzunguko ukifungwa, mfanyakazi na msimamizi wasaini salio. Ni kazi ya dakika mbili. Isipofanyika, miezi minne baadaye kuna daftari la shule upande mmoja na kumbukumbu ya bosi upande mwingine. Mgogoro wa malipo wa namna hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka, na swali la kwanza huwa uliibuka lini. Ofu yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa inajibu swali hilo yenyewe: kama ilitakiwa ilipwe kwenye mshahara wa Septemba na haikulipwa, siku zinaanza kuhesabika hapo. Ofu isiyo na tarehe inamwacha mtu anasubiri "msimu ukitulia" mpaka siku 60 zimpite mlangoni.

Ofu hizi zisiingizwe kwenye likizo ya mwaka. Ile ya siku 28 ni haki nyingine, ina hesabu yake na fomu yake. Mwajiri akiona salio la likizo ni kubwa, akaamua kumwandikia mtu ofu za Julai kama likizo, amelipa deni moja kwa fedha za deni jingine.

Mshahara ukipanda katikati, je? Tuseme kuanzia Septemba 2, zile 22 zikiwa zimeshalipwa, karani anapanda hadi 624,000, saa yake inakuwa 3,200. Kundi la pili, saa 30, alilichuma akiwa wa 3,000. Mimi hutumia kiwango cha siku ya kulipa. Angezichukua kama ofu Septemba, angelipwa mshahara mpya akiwa amepumzika. Asipozichukua, sioni kwa nini saa ile ile iwe na bei ndogo zaidi. Kuna wenzangu wanaotumia kiwango cha siku ya kuchuma, na hoja yao ni kwamba ndicho kilichoandikwa vitabuni mwezi ule. Vyovyote mtakavyochagua, kiandikwe kabla ya mshahara kupanda, si baada.

Karani wetu hakuzichukua zile 30. Katikati ya Septemba alipata kazi Urambo, akatoa notisi. Mtu akiondoka, sheria inataka alipwe ujira wa kazi yote aliyoifanya kabla ya kuondoka, na saa hizi zimo, hata kama tarehe yake ya mwisho haijafika. Kwenye daftari lake niliongeza mstari mmoja chini: saa 30 zimetoka, kwa 3,200, shilingi 96,000, salio sifuri. Alisaini, akaniomba arudishiwe lile daftari lake la shule, akaondoka nalo.